Namna ya kuandika hadithi fupi ya mwalimu mstaafu anayeishi kwa alarmu za simu

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na vikumbusho tisa. Mzee anaamka, simu inalia, anasali. Simu inalia, anameza dawa. Inalia tena, anakunywa chai. Nilimsomea jirani yangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye bado yuko kazini, akanivumilia mpaka kikumbusho cha nne. Kisha akaniuliza: "Sasa huyu unamwandikia hadithi ama orodha ya soko?"

Hakukosea. Niliandika upya mara tatu, na mwongozo huu ni yale niliyoyapata njiani. Nitatumia hadithi ileile moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili uone kila hatua ilifanya nini. Mwalimu wangu hana jina katika hadithi. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi nikamwacha hivyo.

Hatua ya kwanza: andika vikumbusho kabla ya kuandika hadithi

Chukua daftari, uandike vikumbusho vyote vya mhusika wako jinsi yeye mwenyewe angeviandika. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu huandika kwa sauti yao wenyewe. Mwalimu wangu alifundisha darasa la sita kwa miaka mingi. Kila jioni alitengeneza fishi za masomo ya kesho, na kila siku alijaza jurnali ya darasa: tarehe, saa, somo, kichwa cha somo. Mtu wa namna hiyo haandiki "Usisahau kunywa dawa zako!" Anaandika saa, halafu neno moja au mawili, basi. Orodha yake ilikuwa hii:

```
05:30 Sala
06:30 Dawa ya presha
07:00 Kengele
10:00 Rekreasyo
12:30 Chakula
13:30 Mapumziko
16:00 Kusahihisha
18:30 Habari
20:30 Matayarisho
```

Sasa isome kwa makini. Sala, dawa, chakula, mapumziko na habari ni mambo ya mzee yeyote. Lakini kengele gani inalia saa moja asubuhi kwa mtu asiye na shule? Rekreasyo ya nani? Anasahihisha nini? Anatayarisha somo gani? Maneno manne kati ya tisa yametoka kazini pamoja naye, na hakuna aliyemwambia ayarudishe. Hadithi imo katika maneno hayo manne. Hayo mengine ni kuta za nyumba.

Kwa kila neno, jiulize mwili wake unafanya nini simu inapolia, na ujibu kwa kitendo. Wangu, saa kumi alasiri, "Kusahihisha" inapolia, huchukua kalamu nyekundu na karatasi yoyote iliyoandikwa: tangazo la parokia, risiti ya duka, karatasi iliyofungia karanga. Huweka mstari chini ya makosa, kisha hutia saini. Saa moja asubuhi, "Kengele" inapolia, hufungua mlango wa bati na kusimama barabarani wakati watoto wanapita na mashati meupe. Wanamwamkia, anaitikia, dakika kumi zimekwisha, anarudi ndani. Hiyo ndiyo kazi yote ya kengele.

Amua pia aliachaje kazi, hata kama hutaliandika. Huku kwetu walimu wengi hubaki darasani miaka mingi baada ya umri wa kupumzika, wakingojea haki zao. Mwalimu aliyeagwa kwa sherehe na mbuzi hataandika vikumbusho sawa na yule aliyekuta siku moja jina la kijana mwingine kwenye ratiba yake. Wangu ni huyo wa pili. Katika hadithi nililitaja kwa sentensi moja tu.

Hatua ya pili: bakiza vinne

Hadithi ya maneno 1,500 haibebi vikumbusho tisa. Nilibakiza vinne, na kila kimoja nilikipa kazi ambayo kingine hakiwezi kuifanya. "Dawa ya presha" inaonyesha siku ya kawaida, ila ndani yake kuna dalili ndogo kwamba kitu hakiko sawa. "Kengele" ndiyo inayovunjika. "Kusahihisha" inapata maana mpya. "Matayarisho" inafungua hadithi usiku mmoja na kuifunga usiku unaofuata. "Rekreasyo" niliipenda, lakini ilikuwa ikirudia kazi ya kengele, kwa hiyo niliitoa.

Hatua ya tatu: tafuta kosa linalowezekana kweli

Ratiba peke yake haisukumi hadithi. Lazima siku moja iharibike, na iharibike kwa sababu ambayo msomaji wa Bukavu ataiamini. Katika rasimu ya pili niliukata umeme, simu ikazima, Mwalimu akapotea. Haikunishawishi hata mimi. Umeme hukatika mara nyingi mno hapa kuweza kumshangaza mtu. Kila mtu anajua kibanda cha kuchajisha simu kiko wapi.

Kosa nililotafuta lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa na magharibi wako nyuma yetu kwa saa moja: kwao ikiwa 07:00, Bukavu, Goma na Lubumbashi ni 08:00. Basi mtoto wa kiume wa Mwalimu anakuja kutoka Kinshasa, anaona simu ya baba yake imepasuka kioo, anamwachia ya kwake na kurudi. Simu hiyo haijiwekei saa yenyewe. Mtu aliizima sehemu hiyo zamani, na ndani ya mipangilio, kwenye `Fuseau horaire`, imebaki `Kinshasa`. Jumapili usiku Mwalimu ananakili vikumbusho kutoka daftarini. Jumatatu vyote vinalia, kila kimoja na neno lake sahihi, lakini kwa kuchelewa saa nzima.

Angalia kosa hili linavyofaa. Simu haikuharibika. Inaonyesha 07:00 bila wasiwasi wowote. Ni wakati wenyewe uliompita Mwalimu huku yeye akifuata ratiba yake vizuri kabisa, na mimi sikuhitaji kuongeza neno la huzuni hata moja.

Hatua ya nne: ziba matundu

Kosa zuri huleta maswali, na msomaji mkali atayauliza yote. Kwa nini hakuona? Kaa chini uyaandike, kisha ujibu kila moja ndani ya hadithi kwa maneno machache.

Jua. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Mzee aliyezoea kusali gizani angeona mwanga. Nikaweka hadithi mwezi wa kumi, wakati wa mvua, asubuhi yenye ukungu mzito kutoka ziwani. Hata hivyo sikuuficha mwanga wote. Anapomeza dawa anaona ukingo wa kikombe waziwazi kuliko kawaida, anafikiri ukungu umeanza kuondoka mapema, anaendelea. Msomaji makini atashtuka hapo.

Redio. Redio ikitaja saa zote mbili, ya Kinshasa na ya Lubumbashi, siri imekwisha. Ndiyo maana "Habari" niliiweka jioni. Asubuhi redio haifunguliwi, betri zinatunzwa.

Watu wa nyumbani. Mkamwana wake ameondoka alfajiri kwenda sokoni. Na hadithi nzima ni ya siku moja, kwa sababu siku ya pili lazima mtu angemwambia. Ukiona kosa lako linahitaji wiki nzima bila mtu yeyote kuligundua, tafuta kosa lingine.

Hatua ya tano: tenga saa ya kioo na saa ya mdomo

Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona hadithi nyingi zikianguka hapa. Simu huandika 07:00, mdomo wetu husema saa moja. Mwandishi akiandika "saa 7 asubuhi", msomaji mmoja ataelewa saa moja, mwingine atafikiri saa saba mchana, na wa tatu ataacha kusoma. Kanuni niliyoifuata ni nyepesi: kilichoko kwenye kioo nakiandika kwa tarakimu na nukta mbili, na kinachosemwa nakiandika kwa maneno, kwa hesabu yetu. Sichanganyi kamwe.

Nilipoifuata kanuni hiyo nikagundua kwamba inanipa zaidi ya usafi. Macho ya Mwalimu yanaona 07:06, masikio yake yanasikia "saa mbili". Namba hizo mbili zikikutana ndani ya sentensi moja, hadithi nzima inageuka. Pale barabarani ndipo nilipozikutanisha.

Hatua ya sita: andika barabara kwanza

Usianze kuandika kutoka mwanzo. Anza na pale kikumbusho kinapovunjika, ukipe angalau theluthi nzima ya hadithi. Mimi nilikipa maneno 600. Sehemu yenyewe inaanza hivi:

"Simu ililia mfukoni. Mwalimu akafungua mlango wa bati, akasimama mahali pake, mgongo kwenye nguzo, akakohoa kidogo kama anayejiandaa kuitikia salamu nyingi kwa mara moja. Barabara ilikuwa tupu. Ng'ambo, mama wa mikate alikuwa anahesabu iliyobaki kwenye beseni. Kwenye tope zilikuwepo alama za viatu vidogo, nyingi, zote zimeelekea chini, na zilishaanza kujaa maji."

Katika rasimu moja niliongeza hapo: "Moyo wake ulijaa upweke." Nikafuta. Alama za viatu zinaeleza kwamba watoto walipita, walikuwa wengi, na muda umepita. Ukiwa na kitu cha namna hiyo, kiache kifanye kazi yake.

Kisha anatokea mtoto mmoja, Neema, wa darasa la tano, anapanda mlima peke yake na mkoba mgongoni. Shule inafunga mlango saa moja na nusu. Yeye amefika amechelewa, na anarudi nyumbani.

"— Unatoka wapi?
— Ku masomo.
— Saa hii?
— Nilichelewa, Mwalimu. Balishafunga mulango.
— Saa ngapi sasa?
— Saa mbili imepita.

Mwalimu akatoa simu. 07:06. Akamwonyesha mtoto kioo, kidole kikiwa chini ya namba, kama alivyoonyesha ubaoni maelfu ya mara. 'Saa moja na dakika sita,' akasema. Neema aliangalia kioo, akaangalia mama wa mikate, akanyamaza. Ulikuwa ule unyamavu wa darasa zima wakati mwalimu amekosea hesabu ubaoni na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinichukua siku mbili. Nilikuwa najua kwamba Mwalimu lazima aaibike, ila sikujua aaibike namna gani. Aibu yake haiwezi kuwa ya mzee aliyepotea. Ni ya mwalimu aliyekosea mbele ya mwanafunzi, na inamuuma zaidi kwa sababu ndiyo pekee aliyoiogopa maisha yake yote.

Kuna jambo lingine sikulisema waziwazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akifunga mlango ule kwa waliochelewa. Nililitia kwenye kitu kimoja tu: mtoto anapoelezea kufuli, Mwalimu anaijua ina kutu upande gani.

Hatua ya saba: waache waseme kama wanavyosema

Msimulizi wangu anatumia Kiswahili cha vitabuni, wahusika wanasema cha hapa. Neema hawezi kusema "Wamekwisha kufunga lango." Wala hawezi kusema "Shikamoo". Hiyo si salamu ya mitaa yetu, na mara tu ikitokea, msomaji wa Bukavu atajua mwandishi ametazama filamu za mbali. Huku ni "Jambo, Mwalimu", na jibu ni "Jambo, mama" hata kwa mtoto wa kike wa miaka kumi.

Lakini usizidishe. Mistari sita au saba yenye "balishafunga" na "ku masomo" inatosha kumweka mtu mahali. Ukiandika mazungumzo ya kurasa mbili kwa namna hiyo, msomaji wa Mombasa atatoka, na wa hapa ataona unamwigiza.

Hatua ya nane: kikumbusho kile kile, kazi nyingine

Sasa Mwalimu ana mtoto aliyefungiwa nje, simu inayomdanganya, na asubuhi nzima mbele yake. Katika rasimu ya tatu nilimfanya aende shuleni kugombana na mkurugenzi. Ilikuwa ya kelele na haikumfanana.

Nilipokwama nilirudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza na kuuliza: mtu huyu anajua kufanya nini? Anajua kutunga zoezi. Mama wa mikate ndiye anayefichua kosa. Anauliza simu imetoka wapi, anasikia "Kinshasa", anacheka mpaka beseni linatikisika. Anaichukua, anaingia kwenye `Date et heure`, anabadili `Kinshasa` kuwa `Lubumbashi`. Bukavu haimo kwenye orodha ile, na Mwalimu anatafuta jina la mji wake mara mbili kabla ya kukubali. Kisha anamketisha Neema kwenye benchi la mikate, mbele ya watu, anamwambia atoe daftari. Zoezi: Kinshasa ni saa moja asubuhi, Bukavu ni saa ngapi? Ndege imetoka Bukavu saa nne, imesafiri saa mbili. Kinshasa watasema imefika saa ngapi? Mtoto wa darasa la tano anaweza, akitulia. Jibu ni saa tano, na mtego ni kwamba wengi watasema saa sita.

(Hesabu ndani ya hadithi ipige mwenyewe kwa kalamu. Mimi nilikosea mara ya kwanza, nikaandika saa saba. Ningeaibika kuliko Mwalimu.)

Mtoto anaenda nyumbani, daftari linabaki kwa Mwalimu. Saa kumi alasiri, sasa saa kumi ya kweli, simu inalia: `16:00 Kusahihisha`. Kwa mara ya kwanza tangu aache kazi, kuna kitu cha kusahihisha. Sikuandika sentensi hiyo katika hadithi. Niliandika kwamba alitoa kalamu nyekundu, akaijaribu kwenye kiganja, haikuandika, akaipumulia.

Hatua ya tisa: funga kwa kikumbusho cha mwisho, usikiguse

Kishawishi kikubwa mwishoni ni kumfanya abadilishe vikumbusho. Afute "Kengele", aandike "Neema", au aweke kipya cha saa mbili kwa watoto wanaochelewa. Niliandika miisho yote mitatu, na kila mmoja ulisikika kama hotuba ya mgeni rasmi. Orodha inapaswa kubaki ilivyo. Kinachobadilika ni kitu kilicho chini ya neno.

Basi `20:30 Matayarisho` inalia. Kila usiku hutandaza shati la kesho na kujaza kikombe maji ya dawa. Usiku huu anafanya hivyo hivyo, halafu analichukua daftari la Neema na kuliweka mlangoni juu ya viatu vyake, ili kesho asiweze kutoka bila kulishika. Hadithi inaishia kwenye viatu.

Kabla hujaituma popote, isome kwa sauti, na mwambie mtu akupigie alarmu ya simu kila unapofika kwenye kikumbusho. Kama mlio unakukatiza katikati ya wazo, sehemu iliyotangulia ni ndefu mno. Yangu ya dawa ilipunguka kutoka maneno 280 hadi 150 kwa njia hiyo.

Jirani yangu aliisikiliza rasimu ya mwisho yote, mikono imefungwa kifuani. Alikuwa na swali moja. Neema alipata 10 juu ya 10, na je, aliandika tarehe juu ya ukurasa? Nikamwambia hapana, sikufikiria tarehe. Akatikisa kichwa. "Mwalimu yule hawezi kutoa kumi bila tarehe." Nikabadilisha. Sasa ana 9.